Mfungo wa Mmoja, Nyumba ya Wawili

Zanzibar, mchana wa Ramadhani, suala la nani ale wapi huamuliwa kabla mtu hajafika nyumbani kwake. Migahawa mingi hufungwa, na polisi wamewahi kuwakamata watu waliokutwa wakila hadharani. Arusha hakuna jambo la namna hiyo. Ukishuka kutoka Sekei kwenda Sanawari saa 7 mchana, mama lishe wanapakua wali na maharage kama siku nyingine yoyote, na kwenye benchi moja utamkuta Mlutheri wa Kimeru amekaa na Mrangi Mwislamu ambaye hafungi na hana wa kumwuliza. Uhuru huu ni mzuri, lakini una upande wake wa pili. Pale ambapo mtaa hauamui, nyumba inalazimika kuamua yenyewe. Mume na mke wasiolingana katika ibada hawana desturi ya nje ya kuegemea, kwa hiyo ratiba yao wanaianza upya mwaka hadi mwaka, mara nyingi kwa ugomvi.

Tunapozungumzia tofauti za dini katika ndoa, macho huwa yanakwenda kwa Mkristo aliyeoana na Mwislamu. Ndoa hizo zipo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazipa njia ya kufungwa kiserikali, baada ya notisi ya siku 21. Lakini wanandoa hao wanajua tangu mwanzo kwamba wanatofautiana, na mara nyingi mambo makubwa wameshayazungumza kabla ya kutia saini. Kinachosumbua zaidi, kwa jinsi ninavyoliona jambo hili, ni tofauti ya kiwango ndani ya dini moja: wote ni Waislamu lakini mmoja anafunga na mwingine hafungi, au wote ni Wakristo lakini mmoja anakesha kanisani wakati mwingine anaonekana Krismasi na Pasaka tu. Hawa hawakuzungumza lolote kabla ya ndoa, maana walidhani hakuna la kuzungumza.

Sheria yenyewe inaonyesha pengo hilo. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa, na mojawapo ni mmoja kubadili dini, endapo wote walikuwa wa imani moja walipooana na imani hiyo inahesabu kubadili dini kuwa sababu ya kuvunja ndoa. Kutoswali hakumo. Kutofunga hakumo. Orodha ile haifungi mlango kwa sababu nyingine, lakini maana yake iko wazi: mtu aliyelegea hajatoka katika dini, na mwenzake hana mahali pa kulipeleka jambo hilo isipokuwa mezani kwao wenyewe, au kwa wazee, au katika baraza la usuluhishi ambalo hata hivyo ni lazima lipitiwe kwanza kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani.

Nitachukua nyumba moja ya mfano na kukaa nayo. Nimeitunga ili ibebe mambo yanayotokea katika nyumba nyingi. Ni vyumba viwili vya kupanga Sekei, bomba la maji liko uani, wapangaji ni wanne. Mume ni dereva wa watalii, mke anashona nguo. Wana watoto wawili, mkubwa ana miaka minane. Wote wawili ni Waislamu. Mke anaswali vipindi vitano, anafunga Ramadhani yote, na miezi mingine hufunga Jumatatu na Alhamisi. Mume anaswali Ijumaa akiwa mjini, na Ramadhani anafunga siku chache za mwanzo kisha anaacha. Ramadhani ya miaka hii imeangukia Februari na Machi, wakati nyumbu wanapozaa kule Ndutu na magari ya wageni yako barabarani. Kwa hiyo nusu ya mwezi hayupo nyumbani, na nusu aliyopo ndiyo inayoleta maneno.

Ukiwasikiliza wakigombana utadhani wanagombana juu ya imani. Mke atasema mwenzake hamwogopi Mungu. Mume atasema kila mtu na kaburi lake. Lakini sogea karibu utazame ugomvi ulianzia wapi: ulianza saa 10 na nusu alfajiri simu ilipolia kwa daku na kumwamsha mtu aliyeendesha gari kutwa nzima kutoka Serengeti. Au ulianza saa 7 mchana aliposema, "Mama watoto, leo hakuna chakula?" Au saa 12 na nusu jioni, uji uko mezani, tende zimeoshwa, na yeye bado yuko kijiweni na madereva wenzake. Hayo ni mambo ya saa, jiko na usingizi, nayo yanaweza kupangwa hata kama suala la imani halitapata jibu kamwe.

Tuanze na saa, maana katika hilo Arusha ina bahati. Mji uko zaidi kidogo ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, kwa hiyo magharibi huangukia kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 12 na dakika 55 jioni, mwaka mzima. Katika Ramadhani ya Machi alfajiri huingia karibu saa 11 na nusu. Mfungo ni wa saa 13 na kitu. Ndugu zetu wanaoishi Sweden, Ramadhani ikiwaangukia Juni, hufuturu baada ya saa 4 usiku, na kwao mlo mmoja wa familia unakaribia kutowezekana kama watoto wana shule. Hapa, futari inakuja wakati uleule ambao nyumba ambayo haijafunga ingekuwa inaanza kuwaza chakula cha jioni. Kikwazo si jua. Kikwazo ni kwamba asiyefunga amekula saa 7, hana njaa ya saa 12 na nusu, na anataka ugali wake saa 2 usiku kama kawaida. Mke aliyefunga anajikuta anapika mara mbili: mihogo, viazi vitamu, maharage ya nazi na uji kwanza, kisha anasonga ugali baada ya swala huku amechoka.

Katika nyumba yetu ya mfano suluhisho lilikuwa jepesi mara lilipotamkwa. Siku ambazo mume yuko mjini, futari ndiyo chakula cha jioni cha wote. Anakula mchana mapema na kidogo, anafika nyumbani kabla ya adhana, na sufuria ya pili haipandi jikoni isipokuwa Jumamosi, ambapo ugali na nyama anavipika yeye. Mke naye alikubali jambo moja: hafungui kwa mlo mzima. Anakula tende, anakunywa maji na uji, anaswali rakaa zake tatu, kisha wote wanakaa mkekani pamoja. Dakika zile kumi za swala, mume anawanawisha watoto na kupakua. Haombwi kuswali wala haulizwi kwa nini hajaswali. Ana kazi ya kufanya wakati mwenzake anaswali, na kazi hiyo inamweka ndani ya jioni ile badala ya kumwacha ameketi pembeni kama mgeni.

Daku ni gumu zaidi kwa sababu linagusa usingizi, na nyumba ya vyumba viwili haina pa kujificha. Mkaa huchukua muda kuwaka, moshi unaingia chumbani, vyombo vinagongana. Nyumba nyingi zimelimaliza tatizo hili kwa mtungi wa gesi wa kilo 6 na kwa kupika daku usiku uliotangulia. Wali unalala ndani ya hotpoti, chai iko kwenye chupa, simu inawekwa kwenye mtetemo chini ya mto. Mke anaamka, anakula, anaswali alfajiri chumba cha watoto, harudi kuwasha taa. Ni mambo madogo, lakini nimeona nyumba ambazo mtu asiyefunga alianza kuichukia Ramadhani yenyewe kwa sababu ya taa iliyowashwa usoni mwake siku 30 mfululizo.

Chakula cha mchana kina ugumu wa aina nyingine, na hapa ni lazima tuingie kidogo kwenye fikihi. Masheikh wengi husema Mwislamu aliyefunga hapaswi kumsaidia Mwislamu mwenzake kula mchana wa Ramadhani bila udhuru, na kumpikia ni kumsaidia. Mume anayedai kupikiwa mchana huenda anadhani anadai huduma ya kawaida ya ndoa. Kwa mkewe, anamwomba ashiriki katika dhambi. Hatuwezi kumwambia mke apuuze hilo kwa ajili ya amani. Hatuwezi pia kumwambia mume ashinde njaa kwa kulazimishwa, maana mfungo usio na nia si mfungo. Njia iliyobaki ni kwamba chakula cha mchana cha asiyefunga kinatoka mikononi mwake mwenyewe: anakula kwa mama lishe, au anajichukulia kilichobaki usiku. Na hali mbele ya mtoto wa miaka minane anayejaribu nusu siku yake ya kwanza. Hilo la mwisho mume alilikubali kabla hata hajaombwa.

Tofauti kati ya kula faragha na kula kwa kujificha ni kubwa, na nadhani ndiyo alama ya kwanza ya kujua kama nyumba iko salama. Mume anayekula nje na mkewe anajua hana cha kuficha. Mume anayesukutua mdomo kwenye bomba la uani, akaingia ndani na kusema "na mimi nimefunga," ameanza kuishi maisha mawili, na atakapogunduliwa mke hatalia kwa sababu ya mfungo. Atalia kwa sababu ya uongo. Alama ya pili ni watoto. Mtoto akianza kuulizwa, "Baba aliswali jana?" basi amefanywa mpelelezi, na ratiba hata iwe nzuri kiasi gani haitasaidia.

Kuna sababu nyingine ya kutouliza, nayo inatoka ndani ya dini yenyewe. Kutofunga hakuna maana moja. Mwanamke mwenye hedhi hafungi na anatakiwa asifunge, kisha alipe siku hizo baadaye. Mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa wakihofia nafsi zao au mtoto. Mgonjwa ana ruhusa. Msafiri wa masafa yanayofika kilomita 80 na zaidi, kwa hesabu ya wanazuoni wengi, ana ruhusa, na dereva anayetoka Arusha kwenda Serengeti ameyapita masafa hayo kabla hajafika Ngorongoro. Kwa hiyo siku kumi alizokuwa Ndutu, mume wetu hakuvunja kitu. Ana deni, na deni lina jina: kadha. Mke naye ana deni la siku zake sita au saba. Mbele ya sheria ya dini, wote wawili wametoka Ramadhani wakidaiwa.

Walipoliona hilo, mazungumzo yao yalibadilika kuliko yalivyowahi kubadilika kwa mawaidha. Kadha hulipwa kabla ya Ramadhani inayofuata, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi yetu, anayechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia hulipa siku zake na kutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Sasa tazama kalenda ya Arusha. Aprili na Mei ni masika. Barabara za mbuga zinakuwa tope, wageni wanapungua, madereva wengi wanakaa nyumbani. Mume ambaye Ramadhani yote alikuwa mbioni sasa ana nafasi na analala mapema, na mkewe anazo siku za kulipa. Wakapanga kufunga Jumatatu na Alhamisi pamoja mpaka deni la mke liishe. Mume alifunga siku nne na kuzikosa nyingine. Nne hizo mke hakuzitangaza kama ushindi, wala zilizokosekana hakuzifanya kesi. Makubaliano yao yalikuwa kwamba habari ya deni la mume itaulizwa mara moja tu, baada ya Iddi, naye atasema anakusudia kufanya nini. Baada ya hapo ni lake na Mola wake.

Upande wa pili wa mizani husahaulika. Tunazoea kumwona anayefanya ibada nyingi kuwa ndiye wa kuheshimiwa na anayefanya kidogo kuwa ndiye wa kurekebishwa, lakini dini zenyewe hazisemi hivyo kuhusu ibada za hiari. Faradhi haihitaji ruhusa ya mume wala mke. Ramadhani hufungwa, basi. Sunna ni jambo jingine. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamtaka mke asifunge mfungo wa hiari mume akiwa nyumbani ila kwa idhini yake. Wapo wanaoisoma kama fimbo ya mume, lakini iweke karibu na kisa cha Salman na Abu Dardai, kilichomo pia katika Bukhari. Salman alimtembelea Abu Dardai akamkuta mke wa nduguye huyo amejiachia, hana hamu ya kujipamba, kwa sababu mumewe anafunga mchana na kuswali usiku kucha na hana haja naye. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake afungue, usiku akamlazimisha alale, akamweleza kwamba mke naye ana haki yake, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Katika kisa hiki aliyerekebishwa ni mfanya ibada. Na Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawaambia wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, ili wapate nafasi ya kusali. Vitabu viwili, na vyote vinaiweka ibada ya ziada ndani ya makubaliano ya wawili.

Kanuni hii ndiyo inayofaa pia kwa nyumba za Kikristo zinazozunguka Sekei. Mume ni Mlutheri wa KKKT, alibatizwa na kupata kipaimara, huenda ibadani siku za sikukuu. Mke ameokoka na Ijumaa usiku huenda mkesha unaoanza saa 3 na kuisha alfajiri. Mume akimzuia asisali kabisa, amevuka mpaka. Lakini mkesha wa kila Ijumaa, pikipiki ya saa 11 alfajiri, na mfungo wa siku 21 uliotangazwa kanisani bila yeye kuambiwa, hayo ni mambo ya nyumba, naye ana haki ya kusikilizwa. Nyumba zilizofanikiwa hukubaliana idadi: mkesha mmoja au miwili kwa mwezi, anayemrudisha nyumbani anajulikana, na Jumapili ya mwisho wa mwezi mume naye anakwenda ibadani kama anavyopenda, bila kuhesabiwa. Fungu la kumi linatolewa katika kipato cha anayetoa. Sheria ya Ndoa iko wazi kwamba ndoa peke yake haiondoi umiliki wa mtu juu ya mali yake, kwa hiyo mke ana haki ya kutoa kilicho chake, ila hawezi kutoa ada ya shule ya watoto kwa jina la imani.

Tendo la ndoa nalo lina saa zake, na aibu ya kulizungumza imeharibu nyumba zaidi ya njaa. Mchana wa Ramadhani, kwa aliyefunga, tendo hilo ni kosa kubwa kuliko kula: kafara yake, kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa, ni kufunga miezi miwili mfululizo, na asiyeweza ni kulisha maskini 60. Mume asiyefunga anayemsogelea mkewe mchana kwa utani hajui uzito wa jambo analolichezea. Mara nyingi akielezwa, mara moja, kwa upole, usiku, anaelewa. Na usiku ni halali. Mke anayerudi kutoka tarawehe saa 3 na nusu akalala papo hapo siku 30 naye hajafanya haki. Katika nyumba yetu waliafikiana kwamba tarawehe msikitini ni siku ambazo mume anaweza kubaki na watoto, na siku nyingine mke anaziswali nyumbani, rakaa nane, akamaliza mapema.

Yapo ambayo ratiba haiyawezi. Siku hizi mhadhara unaingia nyumbani kwa simu, na kipande cha dakika mbili kinaweza kusema kwamba asiyeswali amekufuru na ndoa yake haipo tena. Hiyo ni kauli yenye wenyewe, na ina nguvu katika madhehebu ya Hanbali. Shafi wanatofautisha: anayekanusha kwamba swala ni wajibu ametoka katika Uislamu, anayeiacha kwa uvivu ana dhambi kubwa lakini ni Mwislamu, na ndoa yake ni ndoa. Mke aliyesikia kipande kile usiku, peke yake, anaweza kuamka asubuhi akiamini anaishi katika zinaa. Ninamsihi asilipeleke kwa mumewe kwanza kama shtaka. Alipeleke kwa sheikh wa msikiti anaousali, uso kwa uso, amwulize kwa madhehebu gani na kwa hali gani. Na mume anayeona mkewe amebadilika ghafla aulize amesikia nini kabla ya kukasirika.

Jambo jingine lisilotatuliwa kwa saa ni mtoto atakapofika miaka kumi na kuanza kumwangalia baba. Atauliza kwa nini mama anaswali na baba haswali. Jibu la baba ni lake kulitoa, na afadhali awe amelitafuta mapema, kwa sababu mtoto anatambua haraka kama jibu ni la kweli. Mama anaweza kumpeleka madrasa na kumfundisha swala. Hawezi kumfundisha swala kwa kumdharau baba yake, maana mtoto atajifunza dharau kwanza.

Kalenda yenyewe haisimami. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, siku chache tu baada ya mfungo wa Waislamu kuanza, na Sekei ilikuwa na nyumba zinazofunga kwa namna mbili ukutani kwa ukuta. Ifikapo mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba, na ya pili itaanza wageni wa Krismasi wakiwa wangali mbugani. Dereva wetu atakuwa safarini siku nyingi zaidi, deni lake la kadha litakuwa refu zaidi, na masika ya kulilipia yatakuja miezi mitatu baada ya Ramadhani moja na miezi minane kabla ya nyingine. Mtoto aliyekuwa anajaribu nusu siku atakuwa anafunga zote, na daku litakuwa la watu wawili. Hotpoti ile itabidi iwe kubwa zaidi, na mazungumzo ya nani anaamka na nani analala yaanze tena kabla ya Shaabani kuisha.